Neno Ambalo Aneth Hakutaka Kulifundisha

Chumba changu cha kushonea na chumba cha Aneth vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja usiopigwa lipu. Ukikohoa kule, mimi huku nakuombea afya. Ndiyo maana mimi, Ernesta, fundi cherehani wa Same ambaye hata Dodoma sijafika, ninajua Kiarabu cha jikoni. Sikukitafuta. Kimeniingia masikioni huku mguu wangu uko kwenye pedali ya cherehani, mwaka baada ya mwaka, kila wanapokuja wasichana wapya kujiandaa kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani.

Aneth si mtu wa madrasa. Ni Msabato wa Suji, mtoto wa wakulima wa tangawizi, na Kiarabu chake alikipata Riyadh kwenye nyumba ya watu, akiwa na mopa mkononi. Ni mwembamba, anatembea amejikunja kidogo kama mtu anayebeba ndoo hata pale asipobeba kitu. Hacheki ovyo. Wasichana wanamwita mwalimu, na yeye anaitika hivyo hivyo. Watu wa milimani wakishuka sokoni wanamwita Mama Lea, na hapo anaitika kwa sauti nyingine, ya chini, halafu anaharakisha kuuliza bei ya kitu.

Wanafunzi huletwa na Daudi. Nitasema wazi kwamba simpendi Daudi, msije mkadhani nimeteleza. Ni wakala. Ana mashati yaliyonyooshwa hadi yanakata, simu kubwa kama kibao cha kukatia nyama, na tabia ya kumwita kila mwanamke "dada yangu" kabla hajamfanyia jambo. Mara moja aliniletea suruali nimpunguzie, akataka nimalize amesimama. Nilimaliza kesho yake.

Somo la kwanza la Aneth huwa lile lile, nimelisikia mpaka naweza kulifundisha mimi. "Waarabu hawana kitenzi cha kuwa na kitu," anawaambia. "Usikitafute, utapoteza muda. Wao hawasemi wewe unafanya nini na kitu. Wanasema kitu kimekaaje kwako. Kipo kwako, hiyo ni *indi*. Ni chako, ni cha kwako wewe, hiyo ni *li*. Unacho hapa, uko nacho sasa hivi, hiyo ni *ma'i*. Mmenielewa?"

Wanajibu wameelewa. Hawajaelewa. Sisi huku tunasema nina, yaani mimi na kitu, mimi pamoja nacho, kwa hiyo wanafunzi wote wa Aneth wanaikimbilia *ma'i* kama kuku kwenye pumba. Ukiwauliza wana nini, ni *ma'i* nyumba, *ma'i* shamba, *ma'i* kaka wawili. Maua, binti mmoja wa Kileo mwenye mdomo mwepesi, aliwahi kusema *ma'i* nyumba, na Aneth akamwambia aitoe basi mfukoni tuione. Nilicheka peke yangu mpaka nikashona mkono wa gauni ndani nje.

Aliyeelewa mara moja alikuwa Simaloi.

Simaloi alitoka tambarare, kwenye maboma ya wafugaji upande wa mto Ruvu. Alikuja amevaa shuka juu ya gauni la mtumba, shanga masikioni, na kimya cha mtu aliyezoea kusikiliza wazee. Daudi alimtanguliza mlangoni kama mtu anayeuza mbuzi. Siku ile ya kwanza Aneth alipomaliza kueleza, Simaloi aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, ng'ombe wa rafiki ya baba akiwa kwetu?"

"Yuko kwenu kivipi?"

"Yonas alitupa ng'ombe wake tumtunze. Analala bomani kwetu, maziwa tunakunywa sisi, akizaa tunamwambia Yonas. Lakini si wetu. Hata akifa, ngozi ni ya Yonas."

Nilisikia chaki ya Aneth imesimama ubaoni. Kisha akasema taratibu, "*Al-baqara indi, lakin hiya li-Yonas.* Ng'ombe yuko kwangu, lakini ni wa Yonas. Umeipata yote, Simaloi. Hata mimi nilichukua muda mrefu kuliko wewe." Halafu akawaambia wote, "Pasi yako ya kusafiria itakuwa hivyo hivyo. Ni yako, lakini utaikuta kwa madamu. *Jawazi ind al-madam.* Mkumbuke huyo ng'ombe."

Tangu hapo ilikuwa ng'ombe. Kila sentensi ya darasa lile ilipita bomani kwa kina Simaloi. Na siku alipofundisha wakati uliopita, kwamba unatanguliza *kan* tu mbele na mambo yote yanarudi nyuma, Simaloi alikuwa wa kwanza kutunga. "*Kan indi baqar*," alisema. Nilikuwa na ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Ukame ule kila mtu aliuona. Mizoga ilikuwa imelala pembeni mwa barabara ya lami, na watu wenye magari wakipandisha vioo kwa ajili ya harufu.

Sasa, kuna neno moja ambalo Aneth hakuwa analifundisha. Nilichelewa kugundua, maana ni vigumu kusikia kitu kisichosemwa. Alifundisha nina kwa njia zote tatu, alifundisha nilikuwa na, alifundisha una, ana, wana. Sina hakufundisha. Mwanafunzi akiuliza akiishiwa chumvi aseme nini, Aneth alijibu, "Sema *mafi milh*, hakuna chumvi. Au sema *khalas*, imeisha. Watakuelewa." Kale kasilabi *ma* kadogo, ambako ukikaweka mbele ya *indi* unakuwa huna, kwenye ubao wake hakakuwepo.

Nilimuuliza siku moja tukiwa tunachambua mchicha kizingitini. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho aliponisimulia yote.

Alipoenda Riyadh alimwacha binti yake Lea kwa kaka yake Simeoni, kule Suji. Kabla ya kuondoka, wakala wa wakati ule, si Daudi lakini ni chapa ile ile, alimwambia waajiri hawataki wanawake wenye watoto, eti akili yao hubaki nyumbani. Kwa hiyo akamfundisha jibu. *Indik awlad?* Una watoto? *La, ma indi.* Hapana, sina. Aneth alikuwa hajui Kiarabu kingine chochote. Hilo ndilo neno lake la kwanza katika lugha ile. Alilisema kwenye simu, madamu akatabasamu, akapata kazi.

Lea alipata homa, ikapanda kichwani. Mlimani mvua ilikuwa imekata barabara, gari halikupanda, na Simeoni alimbeba mgongoni. Hakufika naye. Alipompigia dada yake, tayari walikuwa wanachimba.

"Nikaenda kwa madamu," Aneth alisema. "Nikamwambia binti yangu amefariki, naomba niende nikazike. Akaniuliza, binti gani? Ernesta, hakuwa mtu mbaya yule. Alinikalisha kitini, akanipa maji. Akasema, wewe uliniambia huna mtoto. Kabla yako nilikuwa na mfanyakazi aliyeua mama yake mara mbili ili aende likizo. Akapiga simu ofisini kwa wakala, wakamthibitishia kuwa sina mtoto, wameandika. Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kumwangalia mtu aliyeshikwa na uongo. Jioni walikuwa na wageni. Nikapika."

Hakulia aliponisimulia. Mimi ndiye niliyelia, juu ya mchicha wa watu. Akasema aliyemsaidia ni mpishi wa nyumba ya pili, Sharifa, mama wa Tanga. Aneth alikuwa akirudia ovyo uani, *indi bint*, *indi bint*, nina binti, nina binti, kwa sababu hakujua namna ya kusema nilikuwa naye. Sharifa akamshika mabega, akamfundisha. *Kanat li bint.* Nilikuwa na binti, alikuwa wangu.

"Kwa hiyo *ma indi* simfundishi mtu," Aneth alisema. "Wakitaka kumkana mtoto, wakafundishwe na mwingine." Akabeba mchicha wake akaingia ndani.

Basi Simaloi alikuwa na mtoto. Kakuta, mvulana mnene, ndiyo kwanza anaanza kuyashika maneno, wa mume aliyekwenda Dar kulinda ghala akapotelea hukohuko. Mtoto alikuwa akilelewa na bibi yake, Resian, mama yake Simaloi. Kwa wafugaji, mwanamke akishazaa jina lake la kwanza linakaa pembeni, anaitwa kwa mtoto wake, kama sisi tu. Simaloi aliitikia Mama Kakuta kabla hujamaliza kutamka. Daudi akalipiga marufuku jina hilo darasani. "Hapa hakuna mama wa mtu," alisema, nami nilimsikia vizuri. "Mtu akiita Mama Kakuta wakati simu iko hewani, dada zangu, tumekwisha."

Kulikuwa na familia moja kule Uarabuni imeziona picha za Simaloi, imempenda. Usaili ungekuwa kwa video, chumbani kwa Aneth, wiki ile ile. Lilibaki swali la watoto. Daudi akamwambia Aneth amwandae.

Aneth akakataa. Walibishana mpaka nikaacha kushona. Daudi alisema yeye hana shida, atamleta Maua, Maua hana mtoto, hahitaji hata kufundishwa. Kisha akaondoka, na viatu vyake vikalia kwa hasira mpaka mwisho wa uchochoro.

Alipoondoka, Simaloi alibaki. Nilimsikia akizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mwalimu, wewe ulienda. Ukarudi na hiki chumba, na hii lugha. Mimi nikirudi bomani nitarudi na nini? Ng'ombe aliyebaki ni wa Yonas, na Yonas amesema atamchukua. Kakuta anakunywa maziwa ya ng'ombe yule."

"Mimi nilirudi sina mtu," Aneth alisema.

"Yeyo, mama yangu, ni mzima. Kakuta ni mzima. Kusema sina si kumuua."

Nilitaka kugonga ukuta nimwambie Simaloi ameongea vibaya, kisha nikajiuliza vibaya ni wapi. Hakuwa amesema uongo. Mimi nina mashine na chumba na wateja wanaonidanganya kwa heshima. Ningemwambia nini mwenye mtoto wa kunywesha?

"Nifundishe wewe," Simaloi alisema. "Daudi amenirekodia kwenye simu, lakini anaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni. Nikikosea watajua. Wewe ukinifundisha nitasema sawasawa."

Ikachukua muda. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niishi pembeni ya ukuta ule, nikaisikia. "*Ma indi*," Aneth alisema. Simaloi akaifuata. "Usiiburute," Aneth akasema. "Fupi. Kama kitu kisichokuuma." Wakairudia, na kila walipoirudia sauti ya Aneth ilizidi kukauka, na ya Simaloi ilizidi kuwa nzuri.

Siku ya usaili Resian alishuka kutoka bomani na mtoto mgongoni, kwa sababu Simaloi alitaka akipata kazi amuage Kakuta papo hapo. Daudi alikuwa na haraka ya kumpeleka Dar. Nilimwamkia shikamoo yeyo, akaitikia marahaba, akakaa juu ya gunia la vipande vyangu vya vitambaa. Daudi alikuja kuniomba, dada yangu, nimkalishe yule mtoto kwangu asilie. Nilikubali kwa ajili ya Simaloi. Nikampa Kakuta andazi, nikampa na sanduku la vifungo achezee. Mlango nikaufunga. Resian, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliniuliza kwa mkono kwa nini tunajificha. Nikamwongezea chai.

Upande wa pili simu ikaita. Nikasikia sauti ya mwanamke, kijana, yenye uchovu, na Aneth akitafsiri pale Simaloi alipokwama. Jina? Simaloi akajibu. Unaweza kupika wali? Kufua kwa mkono? Je, unaumwa chochote? Yote alijibu kwa Kiarabu, na nilijivunia kama vile mimi ndiye nilimfundisha. Daudi alikuwa akikohoa kwa raha.

Kisha likaja.

"*Indik awlad?*"

Kakuta alikuwa akipanga vifungo kwenye goti langu. Nilimwekea kiganja kichwani bila kufikiri.

"*La*," Simaloi alisema. "*Ma indi.*" Fupi. Safi. Kama kitu kisichomuuma.

Kukawa kimya kule kwenye simu. Nilidhani ni mtandao. Kisha yule mwanamke akaanza kuongea haraka, kwa masikitiko, na maneno mengi yalinipita, lakini moja nililidaka kwa sababu lilikuwa la somo la kwanza. *Indaha awlad.* Mwenye watoto. Baadaye Aneth alinieleza yote. Yule mwanamke alikuwa mjamzito, amebeba mapacha, mama yake amefariki, mumewe husafiri, naye anaogopa. Alimwambia wakala wao wa kule kwamba anataka mwanamke aliyezaa, aliyekwisha kukesha na mtoto, anayejua homa ni homa na kilio cha njaa ni cha njaa. Ujumbe huo ulipotelea njiani, kwa sababu huku kila mtu alikuwa na hakika ya kile ambacho matajiri wanataka. "Samahani, ukhti," alisema. "Unaonekana mtu mzuri. Lakini namtafuta aliye mama."

Aneth alitafsiri. Nilisikia sauti yake ikitafsiri, pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo asiouamini.

Na Simaloi akapiga kelele. "*Indi!*" alisema. "*Indi! Indi walad!*" Ninaye! Nina mtoto!

"Kaa chini!" Daudi alifoka kwa mnong'ono.

"*Indi walad! Li walad! Ismu Kakuta!*" Yote aliyofundishwa yakatoka kwa pamoja, na yote yalikuwa sahihi, hakukosea hata silabi moja. Ni wangu, yupo, anaitwa Kakuta. Sauti ya simu ikauliza jambo, kwa ubaridi sasa. Hivi punde huna, sasa unaye? Nikamsikia Aneth akiingilia, akisahau kwamba yeye ni mtafsiri tu: anasema kweli, madamu, ana mtoto, mimi ndiye niliyemfundisha kusema hana. Yule mwanamke akauliza, na wewe ni nani? Aneth hakujibu. Au alijibu, lakini mlango wangu ulikuwa umeshasukumwa ukagonga ukuta.

Simaloi aliingia kama nyumba inaungua. Alimnyakua Kakuta kwenye miguu yangu, vifungo vikamwagika sakafu nzima, andazi likaanguka. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Resian akasimama. Nikamfuata Simaloi nje, nikaingia nyuma yake chumbani kwa Aneth, ambamo Maua na wenzake walikuwa wamebanana ukutani.

"*Ma'i!*" alisema Simaloi, anahema, amemwinua mtoto mbele ya ile simu kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mchungaji mtoto wa kubatizwa. "*Walad ma'i!* Huyu hapa! Niko naye!"

Kioo cha simu kilikuwa cheusi. Ndani yake tulijiona sisi wenyewe, Daudi na kola yake, Aneth amejishika mdomo, Kakuta analia ananyoosha mikono kwa bibi yake aliyekuwa mlangoni nyuma yetu.

"Amekata," Daudi alisema.

"Mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nina wasichana waongo? Nitapoteza nyumba zote." Aliichukua simu, akaifuta kwa leso kana kwamba machozi ya mtoto yameifikia, akaitia mfukoni. "Mwalimu ndiye aliyekufundisha, muulize mwalimu."

Nilimwambia Daudi maneno ambayo sitayaandika, mojawapo likihusu mama yake, nalo namwomba mama yake anisamehe. Alitoka. Maua alikwenda na macho yake chini, akimfuata, na wenzake nyuma yake, na sikumlaumu, ana njaa zake naye.

Tukabaki wanne na mtoto. Resian alimchukua mjukuu wake, akamfuta, akamuuliza binti yake kwa Kimaasai. Simaloi alimjibu kwa maneno machache. Sijui alimwambia nini, lakini yule mama aligeuka akamtazama Aneth kwa muda mrefu, bila chuki, jinsi unavyomtazama mtu mliyekutana naye kisimani nyote mkiwa na ndoo tupu.

Aneth akapiga magoti mbele ya Simaloi. Mtu mzima, mwalimu, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Nisamehe, Mama Kakuta," alisema. "Neno lile lilikuwa langu. Nilipaswa nibaki nalo."

"Nilikuomba," Simaloi alisema.

"Ndiyo, uliniomba."

"Ungekataa ningekuchukia."

"Bora ungenichukia."

Simaloi alivua kilemba alichoazimwa kwa ajili ya picha, akakikunja vizuri sana, akakiweka juu ya kiti. Aliwaongoza mama yake na mtoto kwenda stendi ya magari ya tambarare, na nilibaki nikiokota vifungo, vingine sijavipata hadi leo.

Yonas alimchukua ng'ombe wake, kama alivyosema. Hakuwa na ubaya. Na yeye alikuwa amebaki na yule tu. Mwezi uliofuata tukasikia kwamba Simaloi amepita kwa wakala mwingine, Arusha, na ameondoka. Hakupitia kwetu kuaga. Aliyemuuliza kama ana watoto, ikiwa aliulizwa, alijibiwa jibu gani sijui, na Aneth naye hajui, nami naona hilo ndilo linalomkausha zaidi. Wakati mwingine namsikia upande wa pili akiwa peke yake, anafuta ubao ambao hauna kitu.

Resian huja Same siku za mnada, kununua unga. Hupumzika kwangu kabla ya kurudi, na Kakuta huja naye. Amekonda kidogo, lakini anatembea vizuri sasa, na anapenda sanduku la vifungo. Mara ya mwisho darasa lilikuwa linaendelea. Aneth ana kundi jipya, analazimika, hana kazi nyingine. Wasichana wakaimba somo la kwanza kwa pamoja, kwa nguvu, kama wanavyofanya wote. *Indi. Li. Ma'i.*

Kakuta akaacha vifungo. Aliinuka, akaenda mlangoni, akasimama hapo akitazama uchochoro, amenyoosha mikono juu kama mtoto anayesubiri kubebwa. Kwake yeye neno lile lina maana moja tu: mama anaingia mbio, anakunyakua. Wasichana walirudia. *Indi.* Akanyoosha mikono zaidi.

Nikagonga ukuta. Aneth alitoka kuja kunigombeza kwa kugonga, akamkuta Kakuta pale mlangoni. Sikuhitaji kumweleza. Siku hizi, Resian akiwepo kwangu, wasichana wanaambiwa walisome somo lile kimoyomoyo.